Bei ya usiku husemwa kabla ya kuvaa viatu

Nafanya kazi ya umeme wa majumbani hapa Kigoma. Naishi Mwanga, na wateja wangu wametapakaa kutoka Ujiji mpaka Kibirizi. Simu za usiku ni sehemu ya kazi hii. Katika simu hizo nimeona jambo moja likijirudia: mteja anayegombana na fundi juu ya hela ya usiku mara nyingi hagombani na kiasi chenyewe. Anagombana kwa sababu amekisikia kiasi hicho taa zikiwa zimeshawaka, wakati hana tena nafasi ya kuchagua. Aliamka akiwa na shida, akapiga simu, fundi akasema "nakuja", na bei ikatajwa mlangoni wakati wa kuondoka. Hata ingekuwa bei ya haki kabisa, hapo inasikika kama mtego.

Ndiyo maana kwangu kazi ya kumweleza mteja kwa nini usiku ni ghali inafanyika kwenye simu, kabla sijavaa viatu. Nikishafika kwake nimechelewa.

Kwanza niseme usiku wangu unaanza saa ngapi, maana hili nalo huzua ubishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa ni muda wa baada ya saa mbili usiku hadi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri amwongezee mfanyakazi wa usiku angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mimi sijaajiriwa na mteja wangu, kwa hiyo hiyo asilimia 5 hainihusu na siitumii kudai chochote. Lakini mipaka ya saa nimeichukua kama ilivyo. Mteja akiniuliza "saa mbili na nusu nayo ni usiku?", namjibu kwamba hata sheria ya kazi inahesabu hivyo. Ubishi huisha, kwa sababu saa hizo hakuzitunga fundi kwa faida yake.

Sasa bei yenyewe. Mchana, hela yangu ya kufika na kuangalia tatizo ndani ya mji ni shilingi 10,000. Bodaboda ya kwenda na kurudi hunigharimu kama 3,000, inabaki 7,000 ya muda wangu. Usiku hela ya kufika ni 30,000. Kwa hiyo nyongeza ni 20,000, na hiyo ndiyo inayotakiwa kuelezwa.

Bodaboda usiku hakubali 3,000. Huyu ninayemwamini anachukua 8,000, ananisubiri mpaka nimalize, kwa sababu saa saba usiku kule Gungu au Kibirizi huwezi kusimama barabarani na begi la vifaa ukitarajia kupata pikipiki nyingine. Hapo ziko 5,000 za kwanza. Kisha kuna kijana wangu wa kazi, ambaye usiku nampa 7,000. Mchana naweza kwenda peke yangu kwenye kazi ndogo. Usiku siendi peke yangu, na si kwa kuogopa giza: nikiwa na mikono ndani ya boksi la breka lazima mtu asimame kwenye meni swichi asimruhusu yeyote kuipandisha. Nyumba iliyokosa umeme usiku imejaa watu waliochoka kungoja, na kuna siku mtoto mkubwa wa nyumba husema "ngoja nijaribu". Mtu huyohuyo ndiye anayenishikia tochi. Halafu ziko 3,000 za nauli ya kurudi mchana kumalizia kazi, nitaeleza baadaye kwa nini karibu kila kazi ya usiku ina kurudi mchana. Zinabaki 5,000, na hizo ndizo za usingizi wangu na za asubuhi nitakayoianza kwa kuchelewa.

Hesabu hiyo naijua kwa kichwa na naitaja bila aibu mteja akiuliza. Katika ile 20,000 inayoongezeka, 15,000 zinakwenda kwenye nauli na kwa kijana. Nimeona watu wakinyamaza wakisikia hivyo. Walidhani fundi anajaza mfuko kwa sababu wao wamebanwa, kumbe sehemu kubwa ya hela inapita tu mikononi mwake. Fundi mwingine hesabu yake itakuwa tofauti. Anayeishi Ujiji na kuhudumia Ujiji atatumia nauli ndogo, mwenye pikipiki yake ataweka mafuta badala ya bodaboda. Cha msingi ni kwamba awe nayo hesabu. Fundi anayesema "usiku ni mara mbili" bila kujua mara mbili ya nini, akibanwa kidogo huanza kushusha, akishusha mara moja mteja anajua ile bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha.

Gharama za ufundi wenyewe sizigusi. Kutafuta hitilafu na kuitenga ni 15,000 mchana na ni 15,000 usiku. Breka na soketi ninazokuwa nazo kwenye begi nauza kwa bei ileile ya duka. Najua mafundi wanaosema hela ya kufika ni ileile ya mchana, halafu breka ya elfu nane wanaiandika elfu ishirini. Kwa usiku ule hupita. Kesho yake mteja akipita dukani kununua taa, anaulizia bei ya breka, na kuanzia hapo haamini tena chochote alichoandikiwa na fundi yule, hata kilichokuwa cha kweli. Nyongeza ya usiku ikae mahali pamoja na iitwe kwa jina lake.

Lakini bei si jambo la kwanza ninalosema kwenye simu. La kwanza ni maswali, na haya maswali ndiyo yanayofanya bei ikubalike.

Nauliza kama majirani wana umeme. Kama mtaa mzima ni giza, hiyo ni kazi ya TANESCO, na mimi nikienda nitakula nauli ya bure. Kama majirani wanao, nauliza kioo cha mita ya Luku kinaonyesha nini. Kama yuniti zimeisha, namwambia anunue, tunaagana. Kama kioo kimezima kabisa huku majirani wana umeme, tatizo linaweza kuwa kwenye waya unaoingia kutoka nguzoni au kwenye mita yenyewe, na huko fundi wa nje haruhusiwi kugusa, hivyo namwelekeza TANESCO. Kama kuna waya ulioanguka, namwambia watu wote wakae mbali, wasiusogeze hata kwa fimbo, watoe taarifa TANESCO mara moja. Katika hayo yote sijapata hata senti, na sitaki.

Swali linalofuata ni hili: ukizima meni swichi, hatari inaisha? Mtu anapiga akisema soketi ya jikoni inatoa harufu ya kuungua, au ukishika bomba la bafuni linakupiga. Hofu yake ni ya haki. Lakini mara nyingi akizima meni swichi hatari hiyo imekwisha mpaka asubuhi. Namwambia azime, asiguse hiyo soketi, achunguze kwamba hapana kitu kinachoendelea kuwaka au kutoa moshi. Tukihakikisha hilo, namwambia wazi: "Sasa nyumba iko salama. Nikija usiku huu ni 30,000 ya kufika na ufundi juu yake. Nikija saa moja asubuhi ni 10,000 ya kufika. Hasara yako ya kungoja ni kulala gizani. Chagua mwenyewe."

Wengi huchagua asubuhi. Kuna wenzangu wanaoniambia najipotezea hela. Mimi sioni hivyo, kwa sababu hela ya usiku, ukiitazama vizuri, ni gharama ya kutongoja asubuhi. Mteja hawezi kuipima kama hajui kungoja kutamgharimu nini. Akishajua, yeye mwenyewe ndiye anayepima, na akisema "njoo" ameshajishawishi. Sina haja ya kumshawishi.

Kuna hali ambazo simpi hilo chaguo la kungoja. Kama meni swichi yenyewe ndiyo inayotoa moshi, au imeyeyuka na haizimiki, au kuna mgonjwa ndani anayetumia mashine ya umeme, hapo naenda na bei naitaja kwa sentensi moja. Moto ukiwa umeshika, simu ya kwanza ni ya Zimamoto, 114, na mimi nafuata baadaye.

Nieleze kazi moja yote, maana ndani yake mambo haya yanaonekana pamoja.

Ilikuwa msimu wa mvua. Saa tano usiku alinipigia mama mmoja anayefanya biashara ya samaki, nyumba yake iko upande wa Kibirizi. "Fundi, umeme umekatika kwangu tu, na nina friza mbili za samaki."

Majirani walikuwa na umeme. Mita yake ilikuwa inasoma, na yuniti zilikuwapo za kutosha. Nikamwambia afungue boksi la breka anieleze ipi imeanguka. Ilikuwa ile pana yenye kitufe kidogo cha kujaribia, breka ya kuzuia umeme unaovuja. Breka hiyo inalinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua unaorudi kwa miliampea 30 hivi, maana yake umeme unapotelea mahali pengine, labda kwenye mwili wa mtu, basi inakata.

Hapo kuna jambo ambalo mteja anaweza kulifanya mwenyewe kwa simu, na huwa nalijaribu kabla ya kutaja bei. Nilimwambia: "Mama, shusha breka ndogo zote. Sasa pandisha ile pana. Imekaa?" Imekaa. "Sasa pandisha ndogo moja moja, taratibu." Kawaida, ukifika kwenye breka ya njia yenye hitilafu, ile pana inaanguka, umeshaijua yenye kosa. Unaiacha chini, unapandisha nyingine, watu wanalala na taa, na fundi anakuja kesho mchana kwa bei ya mchana. Kazi nyingi za namna hii nimezimaliza nikiwa kitandani.

Yake haikuwa hivyo. Alipandisha ya friza, ile pana ikaanguka. Akaishusha ya friza, akapandisha ya taa na kuwasha taa, ikaanguka tena. Ya soketi za sebuleni penye televisheni, vilevile. Kila njia yenye kitu kinachokula umeme iliangusha. Hiyo ni alama ya nyutro iliyogusa athi, yaani waya wa kwenda ardhini, mahali fulani. Breka ndogo za kawaida zinakata waya wa moto peke yake, nyutro zote zinabaki zimeungana kwenye baa moja. Kwa hiyo njia mbovu inaweza kuwa imezimwa kabisa, lakini nyutro yake bado imeungana na nyingine. Ukiwasha friza iliyo nzima, sehemu ya umeme wake unaorudi inapitia kwenye ile nyutro mbovu, inaingia ardhini, na breka pana inaona upungufu. Friza inaonekana ndiyo mbaya wakati haina kosa lolote. Mtu asiyejua huishia kuita fundi friji kwanza.

Kosa la aina hiyo halitatuliki kwa kupandisha na kushusha breka. Lazima mtu afungue boksi na atoe nyutro moja moja kwenye baa, na hilo siwezi kumwelekeza mama kwa simu usiku. Nilimwambia hivyo hivyo.

Likabaki swali la kungoja. Hapa nilimwambia jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Friza iliyojaa vitu vilivyokwisha kuganda, ikifungwa na isifunguliwe, inashika baridi kiasi cha siku mbili. Iliyojaa nusu inashika kama siku moja. Kwa hiyo samaki waliogandishwa wasingeharibika kwa kungoja saa moja asubuhi, na nisingekuwa mkweli kama ningemtisha kwamba mtaji wote unakwenda. Nikamuuliza samaki waliingia lini.

"Hii moja ni ya juzi, imeganda mawe. Hii ya pili nimeijaza leo jioni, migebuka, hata haijashika."

Hapo hesabu ilibadilika. Samaki wabichi waliorundikwa kwenye friza isiyo na umeme hawana baridi ya kuwatunza. Joto lao wenyewe linabaki ndani, mfuniko umefungwa, na saa nane za namna hiyo kwa hali ya hewa ya hapa zinatosha kuwaharibu. Nikamuuliza kama kuna jirani anayeweza kumpa umeme wa waya mrefu kwa usiku mmoja tu, kwa friza hiyo moja. Jirani wa karibu alikuwa amesafiri na nyumba imefungwa.

Ndipo nikataja bei. "Mama, nikija sasa hivi ni elfu thelathini ya kufika, na elfu kumi na tano ya kutafuta kosa na kulitenga. Jumla elfu arobaini na tano. Ukingoja asubuhi, kufika ni elfu kumi. Usiku huu nitahakikisha friza zinafanya kazi. Kosa lenyewe kama liko ukutani au nje kwenye maji, nitalitenga tu, nitarudi mchana kulitengeneza, na kwa kurudi huko sitakudai hela ya kufika. Vifaa tutaongea mchana. Nikifika nikakuta ni la TANESCO, utanilipa ya bodaboda tu, elfu nane. Hiyo friza ya leo ina mzigo wa kiasi gani?"

"Si chini ya laki tatu."

"Basi pima mwenyewe."

Alinyamaza kidogo, akasema njoo. Nikamwambia anitumie elfu nane ya bodaboda kwa simu nitoke. Hii ni kawaida yangu kwa mteja ambaye sijawahi kumfanyia kazi. Anayetuma amekubali bei kwa vitendo. Asiyetuma, mara nyingi alikuwa anapiga mafundi watatu kwa pamoja, na ungefika ukamkuta mwenzako ameshashika bisibisi. Nikampelekea na ujumbe mfupi, ambao huwa naubadilisha tarakimu tu:

"Shikamoo mama. Nakuja usiku huu: kufika 30,000, kutafuta na kutenga kosa 15,000, jumla 45,000. Umetuma 8,000, imebaki 37,000. Kumalizia mchana hakuna hela ya kufika. Usifungue friza."

Ujumbe huo unamaliza mambo mengi. Mume au kaka akiamka saa saba na kuuliza "hii bei imetoka wapi", mteja ana kitu cha kumwonyesha.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulipofika, kijana wangu alisimama kwenye meni swichi, nikaizima, nikahakikisha kwa testa na kwa mita kwamba hakuna umeme, nikaanza kutoa nyutro kwenye baa. Kila niliyoitoa niliipima na athi kwa mega, kile kifaa cha kupima uzima wa waya kwa volti 500. Waya mzima unatakiwa uonyeshe angalau megaomu moja, na kwa kawaida unaonyesha zaidi sana. Ya taa za nje ilisoma karibu na sifuri. Nikaifunika ncha yake, nikashusha na breka yake na kuibandika karatasi iliyoandikwa USIPANDISHE, nikarudisha nyutro nyingine zote, tukawasha. Friza zote mbili zikaanza kunguruma. Kazi ndani ya boksi haikuzidi dakika arobaini.

Kaka yake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu muda wote, akasema: "Fundi, umetoa waya mmoja tu. Arobaini na tano?"

Swali hilo litakuja tu, na si la dharau. Mtu analipa alichokiona, na alichokiona ni waya mmoja. Sikujieleza kuhusu miaka ya kusoma wala leseni ya EWURA, ingawa ninayo na iko kwenye begi. Nilimwambia: "Kaka, kutoa waya ni elfu kumi na tano, na hata ningekuja mchana ingekuwa hiyohiyo. Thelathini ni ya kufika. Nane ni ya huyu wa bodaboda anayesinzia pale nje, saba ni ya huyu kijana, tatu nitapandia kesho kurudi hapa. Mchana hela ya kufika ingekuwa kumi. Mama nilimwambia kabla sijatoka kwamba akingoja asubuhi itakuwa nafuu." Mama akamwonyesha ule ujumbe. Kaka akasema basi sawa, akaenda kulala.

Nadhani kilichomtuliza zaidi ni kusikia kwamba dada yake alipewa nafasi ya kungoja.

Mchana nilirudi. Kosa lilikuwa kwenye kiungo cha waya wa taa ya ukuta wa nje, kilichofungwa kwa tepu tu na kuachwa wazi kwa mvua. Tepu ililegea, maji yakaingia, shaba ya nyutro na ya athi zikashikana kwa kutu na unyevu. Nilikata kipande kilichooza, nikaweka boksi la kuungia lisiloingia maji, nikapima tena kwa mega. Nilimdai 10,000 ya ufundi na bei ya vifaa kwa risiti ya duka.

Hii ndiyo sababu nasema karibu kila kazi ya usiku ina kurudi mchana. Usiku maduka yamefungwa, ukuta umelowa, na kupanda ngazi kwa tochi kwenye matope ni kutafuta ajali. Usiku natenga kosa ili wanaolala humo wawe salama na kile kisichoweza kungoja kifanye kazi. Matengenezo yanangoja jua. Mteja asipoambiwa hivyo mapema ataona amelipia kazi nusu, na atakuwa na haki ya kulalamika.

Jambo ambalo bado linaleta ugomvi hata kwa fundi anayetaja bei mapema ni nyumba za kupanga. Mpangaji anapiga usiku, anakubali kila kitu, halafu asubuhi anasema mwenye nyumba ndiye atalipa. Mwenye nyumba anasema hakuulizwa, na kwamba angeulizwa angesema ningoje asubuhi. Wote wawili wanaongea ukweli. Siku hizi, baada ya kuuliza majirani na mita, nauliza kama nyumba ni yake. Kama ni ya kupanga, namwambia achague: ampigie mwenye nyumba sasa hivi nizungumze naye, au akubali kwenye ujumbe kwamba hela ya kufika usiku ni juu yake, na ya ufundi na vifaa atadaiana na mwenye nyumba. Mgawanyo huo wengi wanauona wa haki, kwa sababu aliyeona haiwezekani kungoja ni mpangaji, na waya uliooza ni wa mwenye nyumba.

Kuhusu kusamehe. Kuna wajane, kuna wazee wa mtaani kwangu ambao nimekua wakiniita mwanangu, siwezi kuwatoza thelathini. Hao nawatajia bei yote kwanza kama kwa mtu mwingine, kisha nasema "kwako mzee wangu, nipe ya bodaboda na ya kijana." Nikimtajia moja kwa moja 15,000, kesho atamwambia jirani kwamba fundi yule usiku ni 15,000, na jirani atakaponipigia nitaonekana nimempandishia. Akiisikia bei kamili, anajua kiasi nilichompunguzia, na anajua kwamba kijana na bodaboda sikuwapunguza wao. Hela ya watu wengine sina haki ya kuisamehe.

Kwa wenye nyumba za wageni na wenye friza nyingi, nimeanza utaratibu mwingine. Mara moja kwa mwaka, kabla mvua za Novemba hazijaanza, nakwenda mchana, napima kila njia kwa mega, nakaza skrubu za breka na za baa ya nyutro, naangalia viungo vya nje, na naandika ndani ya mlango wa boksi kila breka inalisha nini. Kwa anayefanyiwa hivyo, hela ya kufika usiku ni 22,000 badala ya 30,000. Punguzo silitoi kwa urafiki. Boksi lililoandikwa linaniwezesha kumwongoza kwa simu mpaka tumalize bila mimi kutoka, na nikitoka, najua nakwenda kukuta nini, kwa hiyo kazi nyingine naweza kwenda bila kijana, mlinzi wa pale akasimama kwenye meni swichi. Nimemweleza na mama wa Kibirizi. Alisema atafikiria baada ya kuuza ule mzigo, na wiki iliyofuata alinipigia saa nne asubuhi kuniuliza naweza kuja lini.